Jina la Nne Kwenye Makala ya Ndengu

Wambeti hakuwahi kunywa chai ya ofisini. Kwa miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi naye alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, akaifungia kwenye droo, na ufunguo wa droo ukakaa shingoni pamoja na msalaba. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini.

"Kagure, mimi sijasema mtu anaweka kitu kwa chai," aliniambia. "Nimesema tu sijaiona ikipikwa."

Ndivyo alivyokuwa. Alipima upya sukari aliyopimiwa dukani. Kanisani alifungua macho wakati wa maombi kuona ni nani mwingine amefungua. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mkurugenzi, yeye msaidizi wa maktaba, katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao ya nyanda kavu nje ya mji wa Embu, na sitasema uongo, mara nyingi alinichosha. Nikitoka maktaba bila kitu mkononi, bado alinitazama mkoba.

Lakini kwa kazi ile tabia hiyo ilifaa. Watafiti wetu walikuwa na mtindo wa kumtajia makala kwa kichwa: fulani na wenzake, jarida fulani, nadhani tisini na mbili. Wambeti hakuandika "nadhani" ya mtu. "Niletee ukurasa wa kwanza," alikuwa akisema, na akiletewa aliweka rula chini ya majina ya waandishi na kuyanakili moja moja, kisha jarida, mwaka, toleo na kurasa. Mwanzoni aliyapiga taipu kwenye kadi za katalogi. Mwaka wa 1996, kompyuta ilipofika, aliingiza zote katika programu ya kuhifadhia marejeo, na ilimchukua miezi minane. Hakukubali nimsaidie hata herufi moja.

Kisha mwaka wa 1999, Septemba ikielekea kwisha, barua ilikuja kutoka makao makuu Nairobi. Wafanyakazi wangepunguzwa. Kwa mafundi wa shambani kulikuwa na sharti moja: fundi ambaye jina lake limo kwenye makala iliyochapishwa katika jarida tangu mwaka wa 1992 angebaki, na wengine wangekwenda nyumbani Desemba. Orodha itolewe na kompyuta ya maktaba, siyo na mtu, ili kusiwe na upendeleo. Kamati ingekuja Ijumaa.

Niliipiga chapa nakala ya barua hiyo kwa mikono yangu. Kituo chetu kilikuwa na wa Embu, wa Mbeere na wa Meru, na hata mgawanyo wa gambuti, viatu vya mvua, ulikuwa unaleta maneno. Sasa fikiria orodha ya nani abaki.

Jumatatu orodha ilibandikwa ubaoni. Mafundi watatu walikuwemo. Nyaga hakuwemo.

Nyaga alikuwa mtu wa Kiritiri, upande wa Mbeere, mrefu, mpole, mwenye soli zilizolika upande mmoja kwa kutembea kwenye miteremko. Majaribio ya kupanda ndengu pamoja na mtama kule Mbeere aliyalea yeye kwa misimu mitatu. Jua liwe kali namna gani, mbuzi waingie wasiingie, vipimo vya Nyaga vilifika. Makala ilipochapishwa mwaka wa 1995 alikuwa jina la nne kati ya sita, na siku hiyo alininunulia soda. Sasa alikuwa amesimama mbele ya ubao akipitisha kidole kwenye orodha ile fupi mara ya tatu, kana kwamba jina lake lingekuja limechelewa.

Alikuja maktaba nami nikamfuata. Nakiri, nilifuata kwa udaku pia.

"Mama Lorna," alimwambia Wambeti, kwa maana Lorna ndiye binti yake wa kwanza, "hii listi imeniruka. Kwani ile pepa ya ndengu ilienda wapi?"

Wambeti aliitafuta kwa kichwa cha makala. Ilikuwepo, lakini ilikuwa kama mtu aliyetoka hospitali amekatwa viungo. Majina yalikuwa matatu tu: Bundi, halafu wawili wa ng'ambo, basi. Mahali pa jarida palikuwa wazi. Mwaka ulikuwa 1989.

"Themanini na tisa?" Nyaga aliuliza. "Themanini na tisa ndiyo tulikuwa tunachimba mashimo ya kwanza! Utachapisha aje kitu hujavuna?"

Wambeti aliinuka. Alienda akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana.

"Nani alileta ile disketi?" aliniuliza.

Alijua vizuri nani aliileta. Dakta Bundi, mtaalamu wetu wa mazao, mtu wa Kibirichia kule Meru, aliileta kutoka Nairobi wiki tatu nyuma. Rafiki yake huko alikuwa na intaneti, na kwenye intaneti kulikuwa na mtambo wa kutafuta makala za kitaalamu. Mtambo huo ulikuwa unazunguka kwenye tovuti za vyuo, unachukua makala, unazisoma wenyewe, na kutoa mwandishi, kichwa, jarida na mwaka bila mtu kushika kalamu. Rafiki alichukua rekodi mia mbili na kumi na mbili zinazohusu mazao yetu, akazitia kwenye disketi. Bundi alimkabidhi Wambeti na kumwambia aziingize.

"Yeye ni jina la kwanza, amebaki," Nyaga alisema polepole. "Mimi ni wa nne, nimekatwa. Na fundi mmoja wa kwao kule Meru yuko kwa listi."

"Mimi sijasema," Wambeti alisema.

"Mimi pia sijasema."

Hakuna aliyesema, lakini sote watatu tulikuwa tumeshamhukumu Bundi. Mimi nilikumbuka kwamba Ijumaa iliyopita nilimwona akitoka maktaba akicheka peke yake, na kicheko hicho, ambacho siku ile sikukijali, sasa kilinitia hasira. Nyaga akasema anaenda kumkabili. Wambeti akamzuia mlangoni kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Sijaona."

Akakaa kwenye kompyuta na kuanza kufungua rekodi za disketi moja baada ya nyingine kwa haraka, kwa sababu stima ilikuwa ya mgao na ingekatika saa nne. Ya kwanza, majina mawili, jarida hakuna. Ya pili, mwaka wa 1900, kana kwamba babu zetu walikuwa wakichapisha makala za mbolea. Ya tano, mwandishi aliitwa "Idara ya Udongo". Ya kumi na tisa ilikuwa makala ya kunde ambayo sisi sote tuliijua, ya watu watano, na mtu wa tano alikuwa Bundi mwenyewe. Kwenye rekodi walibaki watatu. Bundi hayupo.

Wambeti aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Mwizi gani anajiibia?" aliuliza.

Nyaga alisema labda ni ujanja wa kujificha. Mimi nikaona inawezekana. Siku hizo nilikuwa naona kila kitu kinawezekana. Lakini Wambeti alikuwa ameshachukua daftari na kwenda ofisi ya Bundi, na sisi nyuma yake.

Dakta Bundi alitutazama juu ya miwani. Hakutukaribisha viti.

"Nilikuwa nangoja mje," alisema. "Madam Wambeti, ile pepa yangu ya kunde. Nimeona kwa listi yako ya makala siko. Nikajiuliza, huyu mama nimemkosea wapi? Ama ni mambo ya huyu wa Embu, huyu wa Meru?"

Wambeti alishusha daftari. Yeye aliyewashuku watu wote, nadhani hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu anamshuku yeye.

"Daktari," alisema, "hiyo makala ya ndengu, mtambo uliisoma wapi? Iko copy yake?"

Bundi alipekua faili, bado amenuna, akatoa karatasi ambayo rafiki yake alikuwa amechapa kutoka kwenye tovuti ya chuo kimoja ng'ambo. Haikuwa makala ya jarida. Ilikuwa rasimu, ambayo mwandishi wa pili aliiweka huko kabla ya kuchapishwa. Wambeti aliiweka mezani, akatoa rula, na tuliinama sote wanne.

Kila kitu kilikuwa hapo. Majina sita yalikuwa yamepangwa kwa mistari miwili, matatu juu na matatu chini. Mtambo ulisoma mstari wa juu, ukaridhika. Jina la jarida halikuwepo popote, kwa sababu rasimu ilikuwa bado haijapata jarida. Na kichwa cha makala kilimalizika kwa maneno "misimu ya 1989 hadi 1991". Mtambo ulikuwa unatafuta tarakimu nne zinazofanana na mwaka, ukachukua za kwanza ulizokutana nazo.

"Kwa hivyo ni machine," Bundi alisema, na uso wake ukalegea. Alimsukumia Nyaga kiti. "Keti, bwana. Ulifikiri ni mimi, sivyo?"

"Sikusema," Nyaga alijibu, akatazama viatu vyake.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Wambeti alikuwa amesimama dirishani akihesabu kitu kwa vidole. Nilimfuata kwenye varanda.

"Kagure, mimi niliandika hiyo rekodi mwaka wa tisini na sita. Mwenyewe. Majina sita, jarida, mwaka, kila kitu. Iko wapi?"

Nikamwambia labda ipo mahali.

"Haipo. Ni moja tu." Akashika ule ufunguo wa shingoni. "Siku ya disketi, programu iliniuliza. Ikasema hii inafanana na ile ya zamani, niweke mpya juu ya zamani? Nilikuwa nimeiambia ilinganishe vichwa vya makala tu, ili iwe haraka. Ikauliza mara ya kwanza, nikaangalia. Ya pili, nikaangalia. Ilikuwa saa nne kasorobo na stima inakatika. Kulikuwa na kitufe cha 'ndiyo kwa zote'. Nikasema, si imetoka kwa wazungu, imetoka kwa mashine, itakuwa safi kuliko yangu."

Nilimwonea huruma, na hapo hapo nikataka kucheka, Mungu anisamehe. Mwanamke asiyeamini hata chai ya ofisini aliamini disketi. Kazi ya miezi minane, aliyonikataza nisiiguse, aliifuta kwa kidole kimoja. Disketi ya akiba haikusaidia, kwa kuwa alikuwa na moja tu, na kila Ijumaa aliandika juu ya ile ya wiki iliyopita. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita.

Kumbukumbu yake ilimwambia jarida ni lipi, na Bundi naye aliukumbuka mwaka. Ningekuwa mimi ningeandika tu, yaishe. Wambeti alikataa.

"Kumbukumbu ndiyo ilikuwa inaniletea watu kwa mlango kila siku nikiwafukuza," alisema. "Nataka ukurasa wa kwanza."

Jarida lenyewe halikuwa rafuni. Tuliacha kulipokea mwaka wa 1993. Ila mwandishi alipochapisha alikuwa akituma maktaba nakala ya makala yake peke yake, na nakala hizo zilikuwa kwenye masanduku sitini chini ya ngazi, mamia kwa kila sanduku, zimepangwa kwa namba tu. Namba ya sanduku ilikuwa kwenye rekodi ya zamani. Rekodi ya zamani ndiyo ilikuwa imefutwa.

"Na kadi?" niliuliza. "Zile kadi za taipu?"

Hapo Nyaga, aliyekuwa amesimama nyuma yetu sijui kwa muda gani, alikohoa. Alikuwa amesikia yote.

"Kadi ziko kwangu stoo," alisema.

Ni kweli. Kompyuta ilipokuja, kadi zilionekana takataka, na katika kituo chetu takataka ya karatasi ngumu haikutupwa. Mafundi walizichukua, wakazitoboa tundu, wakazifunga kwenye mifuko ya mbegu. Upande mmoja kulikuwa na makala ya mtu, upande wa pili Nyaga aliandika kwa kalamu ya wino mzito: mtama, block ya tatu, msimu wa mvua fupi.

Jumanne na Jumatano, sisi watatu tulikuwa stoo ya mbegu tukigeuza lebo. Mavumbi ya mtama yalituwasha shingo. Nyaga hakumsemesha Wambeti. Alikuwa akigeuza lebo, akizisoma na kuziacha, na Wambeti akikaribia mfuko wake alihamia mwingine. Mara moja tu alisema, bila kumtazama:

"Mimi nilikuwa nishaanza kumchukia Daktari. Nilikuwa karibu kuambia mama watoto huyo mtu ni mbaya."

"Najua," Wambeti alisema.

"Ulikuwa unajua ni wewe?"

"Nilikuwa sijui. Sasa najua."

Kadi aliipata Wambeti mwenyewe, Jumatano mchana, kwenye mfuko wa ndengu ambao ulikuwa umeanza kutobolewa na wadudu. Majina sita, kwa taipu yake, na "Nyaga" la nne. Pembeni kwa penseli: sanduku 41. Nyaga aliishika kadi ile akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Miaka miwili alikuwa ameifungua na kuifunga bila kujua jina lake liko nyuma.

Sanduku la 41 lilikuwa na nakala, imeliwa pembe moja na mende, lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa mzima. Wambeti aliuweka karibu na kibodi, akaweka rula. Aliandika majina yote sita, kila moja kwenye mstari wake kama programu ile ilivyotaka. Akaandika jarida kwa jina lake lote. Akafuta 1989, akaandika 1995, kisha toleo na kurasa, kisha namba ya sanduku. Akaondoa anwani ya tovuti mahali ilipokaa kama ndiyo chanzo, akaipeleka kwenye maelezo: rasimu.

Nyaga aliinama begani kwake.

"Mama Lorna. Kwa vile hii mashine inakata baada ya watatu, si uniweke wa tatu? Nikikatwa tena nitaonekana."

"Ukurasa unasema wa nne."

"Nani ataangalia?"

"Mimi."

Akaliacha la nne.

Alhamisi Wambeti aliniletea maneno ya kupiga chapa, barua ya kuambatanisha na orodha mpya. Nilianza vizuri. Nikafika kwenye sentensi ya tatu nikasimama. Ilisema kwamba rekodi sahihi iliyokuwepo tangu 1996 ilifutwa tarehe sita Septemba na yeye, Wambeti wa maktaba, alipokubali rekodi za disketi bila kuzilinganisha na makala zenyewe, na kwamba rekodi nyingine mia mbili na kumi na moja za disketi hiyo zisitumiwe na kamati mpaka azikague.

"Andika ni mashine," nilimwambia. "Wambeti, watu wa maktaba pia wako kwa hiyo barua ya kupunguzwa. Nani atakulaumu? Kila mtu ameshakubali ni mashine."

"Mashine haimjui Nyaga," alisema. "Mimi namjua. Piga."

Nilipiga, na nilimkasirikia sana. Nilikuwa na hakika anajitoa mwenyewe, na nilikuwa na hakika hakuna mtu atakayemshukuru. Kwa la kwanza sikukosea. Kamati ilikuja Ijumaa na gari jeupe, ikakaa kwa muda wa saa tatu, ikala kuku wetu. Nyaga alibaki. Wambeti aliambiwa kwamba maktaba inaweza kuangaliwa na mpiga chapa, yaani mimi, kwamba yeye angeondoka Desemba, na kwamba uzembe wake mwenyewe ameukiri kwa maandishi.

Kati ya Oktoba na Desemba alikagua disketi yote. Alifungua masanduku, akaazima majarida kutoka Nairobi kwa barua, akamfanya Bundi aandikie watu wa ng'ambo. Kwenye kila rekodi aliyoiona ukurasa wake aliandika katika maelezo tarehe na herufi W. Zilikuwa mia moja themanini na nane. Zile ishirini na nne zilizobaki hakuzifuta wala hakuzibahatisha. Aliandika: "Sijaona. Usiamini." Nimezikuta humo mimi ninapoangalia maktaba, na mpaka leo nikifika kwenye mojawapo nasikia sauti yake, naacha.

Siku yake ya mwisho alikuwa akipanga chupa ya chai na vitu vyake kwenye kikapu. Nyaga hakuwa amemsemesha vizuri tangu ile stoo. Salamu tu, tena ya mbali. Mchana alikuja maktaba amebeba mfuko wa ndengu, kama kilo nne, umefungwa kwa uzi. Lebo yake ilikuwa kadi ya katalogi, na alikuwa ameifunga upande wa taipu ukiwa nje.

"Ni za shamba langu mwenyewe, Mama Lorna," alisema. "Siyo za kituo."

Wambeti alishukuru. Kisha akatazama ule mfuko, akatazama fundo la uzi, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye fundo halafu ukasita. Nikaona aibu kwa niaba yake. Mtu amekuletea zawadi, unamfungulia mfuko mbele yake uone kama zina mawe?

Nyaga aliweka mkono nyuma ya mlango, mahali alipokuwa ameegemeza kitu wakati wa kuingia. Alikuwa amekuja na ungo.